Nairobi–Lamu na Lamu–Nairobi: mbona saa hazilingani, na tiketi inasema jingine?

#1 Mpokea_Wageni
Assalam alaykum wadau. Kazi yangu ni kupokea wageni pale jeti ya Manda na kuwavusha Shela, kwa hivyo saa za ndege nazijua kuliko saa za kula. Kuna jambo linanisumbua. Ndege kubwa ya propela mbili inayotoka JKIA, tiketi ya mgeni imeandikwa saa moja na dakika 10 kuja, na saa moja na dakika 15 kurudi. Ndege hiyo hiyo, anga hiyo hiyo. Halafu mgeni anashuka akiniambia rubani aliwatangazia dakika 45 tu. Hizo 25 nyingine zimekwenda wapi?

La pili: zile ndege ndogo za Caravan za uwanja wa Wilson ni kinyume. Kuja ndiko kunakochukua muda mrefu, kurudi ni haraka. Mwenye kujua anieleze. Wakisiaji pia karibuni, ila semeni mapema kwamba mnakisia.

#2 Kijana_wa_Langoni
Jambo rahisi hili. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ukitoka Lamu kwenda Nairobi unaelekea magharibi, kwa hivyo Nairobi inakuja kukupokea. Ukitoka Nairobi kuja Lamu, Lamu inakukimbia. Ndio maana Caravan inachelewa kuja. Hili si la kukisia, tulifundishwa.

#3 BintiMkomani
#2 ulifundishwa na nani? Hapa karibu na ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Nairobi na Lamu zimepishana kilomita 450 na kitu. Kama maneno yako ni kweli, rubani angepaa juu ya Manda, akae pale pale robo saa, Nairobi ije chini yake. Mafuta ya nini?

Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Ukiruka ukiwa ndani ya boti inayokwenda Mokowe, huangukii baharini nyuma ya boti.

#4 Nahodha_Mstaafu
Binti amesema kweli. Wanangu, mwauliza jambo ambalo babu zenu walilijua kabla ya hizo ndege. Ni upepo. Kaskazi yatoka baina ya kaskazini na mashariki. Kusi yatoka baina ya kusini na mashariki. Zote mbili zimebeba mashariki ndani yake. Basi anayetoka bara kuja pwani anaukabili upepo kwa omo mwaka mzima, na anayerudi bara anasukumwa kwa tezi. Caravan ni nyepesi, lazima ihisi.

#5 Mama_Biashara
Nami nilidhani ni mimi peke yangu! Mimi huenda Dubai kuchukua mzigo. Kutoka Nairobi, nikitazama saa ya tiketi ya kuondoka na ya kufika, napata saa sita. Kurudi napata saa nne! Tofauti ya saa mbili nzima. Huo upepo wa nahodha ni mkali kweli.

#6 BintiMkomani
Dada #5, hapo upepo hauna kosa. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Ukienda unaongezewa saa moja ya bure, ukirudi unapunguziwa. Safari yenyewe ni kama saa tano huko na huku. Tiketi huandika saa ya mji unaotoka na saa ya mji unaofika, haikutolei hesabu.

#7 Mama_Biashara
Ahsante mwanangu. Lakini kurudi bado naona haraka.

#8 Kijana_wa_Langoni
Kurudi ni haraka kwa sababu pesa zimeisha 😂

#9 Fundi_wa_Hanga
Salaam. Nimefanya kazi ya injini Wilson miaka mingi, nimerukishwa na Caravan na Dash, ile kubwa ya propela mbili ya #1, kwenye safari za majaribio. Naanza na upepo, kwa sababu #4 ameshika pazuri, ila upepo wa baharini na upepo wa futi 11,000 si mmoja.

Chukua umbali wa maili za bahari 240, takribani ndio huo, hesabu iwe nyepesi. Caravan hewani inakwenda kama noti 160, yaani maili za bahari 160 kwa saa. Upepo ukiwa haupo kabisa, ni dakika 90 kuja na dakika 90 kurudi. Sasa weka upepo wa mashariki wa noti 20, ambao si mkali. Kuja, mwendo juu ya ardhi unakuwa 140, nazo ni dakika 103. Kurudi ni 180, dakika 80. Tofauti ni dakika 23, na mgeni hakuhisi hata mtikisiko.

Tena angalia jumla: 103 na 80 ni 183, si 180. Mtu hudhani alichopoteza kuja atakirudisha chote kurudi. Hakirudi, kwa sababu ule upepo wa mbele unakushika kwa dakika nyingi zaidi kuliko ule wa nyuma unavyokusukuma.

Sasa upepo ule ule mpe Dash kubwa, noti 350. Kuja 330, karibu dakika 44. Kurudi 370, dakika 39. Tofauti ni dakika 5 tu. Kadiri ndege inavyokuwa na mbio, ndivyo upepo unavyopungukiwa na nguvu juu yake. Hapo #1 umeshaona kwa nini Caravan ndiyo inayolalamika.

#10 Nahodha_Mstaafu
Fundi, wasema upepo wa juu si huu wa chini. Wapishana vipi?

#11 Fundi_wa_Hanga
Mzee, miezi ya kusi kuna mkondo wa upepo unaopita juu ya mashariki ya Kenya kwenda Somalia, kimo cha kama kilomita moja na nusu. Mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater aliueleza mwaka 1969, na mpaka leo watu wa hali ya hewa wanauita kwa jina lake. Unaweza kupita noti 50. Lakini hapa kwetu unatoka kusini zaidi kuliko mashariki. Rubani anayekuja Lamu anaupata ubavuni, si usoni. Analazimika kuelekeza pua kusini kidogo ili asipelekwe Kiunga, na huko kupinda pua nako kunakula mwendo, kuja na kurudi sawasawa. Ukipanda juu zaidi ya mkondo huo, upepo wa mashariki ndio unaotawala mara nyingi, nao hupoa.

Ndio maana rubani mjanja mwenye upepo wa mbele habaki kimo kimoja kwa mazoea. Anaangalia utabiri wa upepo kwa kila kimo. Ila hana uhuru wote: anayekwenda upande wa mashariki hupewa vimo vya elfu za witiri, kama futi 9,000 au 11,000, na anayerudi magharibi vimo vya shufwa, 10,000 au 12,000, ili wasigongane. Kwa hivyo hata saa ile ile ya siku ile ile, wanaopishana hawako kwenye upepo mmoja.

#12 Kijana_wa_Langoni
Sawa, lakini huo upepo wa mashariki unatoka wapi? Si kwa sababu dunia inazunguka? Hewa ikielekea ikweta inapindishwa na mzunguko. Basi nilikuwa na haki tangu #2.

#13 BintiMkomani
Ulisema Nairobi inakuja kukupokea. Sasa umehamia kwenye upepo. Haya, karibu upande wetu, kiti kipo.

#14 MwanaMalindi
Jamani mmeenda mbali na futi na noti. Mimi nina jibu la mtaani. Baadhi ya ndege za Lamu hupitia Malindi, na mara nyingi ni upande mmoja tu. Nimeshapanda ndege ya kutoka Lamu, tukatua Malindi, wakashuka watu wawili na masanduku kama ya harusi, wakapanda wengine, ndipo tukaenda Nairobi. Tiketi yangu ilionyesha safari moja, nambari moja ya ndege, saa mbili na zaidi. Kuja nilikuwa nimekuja moja kwa moja. Mtu akilinganisha tiketi hizo mbili atasema upepo wa Malindi una jini.

Kwa hivyo #1, kwanza tazama kwenye tiketi kama kuna kituo. Neno lake ni dogo na liko pembeni, wengi hawalioni.

#15 Mpokea_Wageni
#14 hilo nalijua, hizo za kupitia kwenu tunaziita daladala. Nauliza zile za moja kwa moja. Na bado sijajibiwa zile dakika 25, wala kwa nini ile kubwa ya JKIA kurudi kwake ni kurefu. Kwa hesabu ya fundi, ingetakiwa kurudi kuwe kufupi kwa dakika 5. Tiketi inasema kurefu kwa dakika 5. Mmoja wenu anadanganya.

#16 Karani_wa_Ratiba
Hakuna anayedanganya, mnapima vitu viwili. Nilikaa ofisi ya ratiba ya shirika moja (msiulize lipi).

Muda wa tiketi unaanza kabari zinapotolewa magurudumuni na ndege kuanza kusogea, na unaisha kabari zinaporudishwa. Muda anaoutangaza rubani ni wa hewani: magurudumu kuacha lami mpaka kugusa lami. Tuchukue hiyo saa moja na dakika 10 uipasue. JKIA, kutoka maegeshoni mpaka ncha ya njia ya kurukia, na kusubiri iliyo mbele, weka dakika 12. Hewani 45. Manda ukishatua unafika mlangoni kwa dakika 4 hivi, hakuna foleni pale isipokuwa ya mikokoteni ya mizigo. Hiyo ni 61. Dakika 9 zilizobaki ni akiba.

Akiba ndiyo watu hawaipendi wakisikia. Ratiba haijengwi kwa muda wa kawaida wa safari. Ukiweka muda wa kawaida, nusu ya ndege zako zitachelewa. Unachukua kumbukumbu za msimu kama huo, unaweka muda ambao ndege nyingi zaidi zitauwahi. Na katika biashara hii, ndege inayofika kabla ya kupita dakika 15 baada ya saa ya ratiba bado huhesabiwa imewahi. Kwa hiyo una akiba ndani ya tiketi na msamaha nje ya tiketi.

#17 Mama_Biashara
Kumbe ndio maana husema "tumewahi kufika" na abiria wanapiga makofi!

#18 Karani_wa_Ratiba
Ndiyo mama. Mara nyingine ndege imechelewa kuondoka dakika 10 na bado imefika kabla ya saa yake, na hakuna rubani aliyekimbiza chochote. Imekula akiba.

Lakini msidhani shirika linaongeza akiba linavyotaka. Ndege moja ya pwani inafanya safari kadhaa kwa siku. Ukizidisha dakika 10 kila safari, jioni umepoteza safari nzima, na saa za wafanyakazi wa ndani ya ndege zimekwisha kabla ya mzunguko wa mwisho. Tulikuwa tukigombana dakika 5 ofisini kwetu kama watu wanaogombea mirathi.

#19 Fundi_wa_Hanga
Karani anasema kweli, na hata vitabuni mwetu muda ni wa aina mbili. Rubani anaandika saa zake tangu ndege iliposogea mpaka iliposimama. Sisi mafundi, saa za kuipeleka ndege kwenye huduma tunahesabu tangu ilipoacha ardhi mpaka ilipogusa. Safari moja, vitabu viwili, na vyote ni sahihi.

Sasa swali la #15, kwa nini kubwa ya JKIA inarefuka kurudi. Naona sababu mbili.

Ya kwanza ni kimo cha Nairobi. JKIA iko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Manda iko sawa na bahari. Anayeondoka Nairobi anaanza safari akiwa ameshapandishwa ngazi, na kuja huku ni mteremko mrefu wenye mbio. Anayeondoka Manda lazima apande kutoka sifuri. Kupanda ni kazi ya polepole. Caravan iliyojaa inayopanda futi kama 700 kwa dakika, kufika 12,000 ni dakika 17 za mwendo wa chini. Kutoka Wilson kufika 11,000 ni dakika 8 tu. Hapo kurudi kunapoteza dakika tatu nne, kwa sababu ya ardhi peke yake, upepo ukiwa umelala.

Ya pili naiona ndiyo kubwa kwa JKIA. Pale upepo wa ardhini kwa kawaida ni wa mashariki, na ndege hurukia na kutulia njia ya 06, yaani ukielekea mashariki-kaskazini. Anayekuja pwani anaruka uso wake ukiwa tayari karibu umeelekea huku. Anayetoka pwani anafika Nairobi kwa mgongo: lazima aupite uwanja, aende magharibi yake, ageuke, ndipo aanze kushuka kwenye njia. Na kama kuna ndege kubwa za Ulaya au Mombasa zimepanga foleni, anapanuliwa duara hilo. Dakika 5, na siku mbaya 10 au zaidi.

Kwa Dash, upepo wa nyuma ulimpa dakika 5. Nairobi ikazichukua zote kwa kupanda na kuzunguka. Kwa Caravan, upepo ulimpa 23, hizo Nairobi haiwezi kuzimaliza. Ndio maana Mpokea_Wageni anaona moja inakwenda huku na nyingine kule.

#20 Karani_wa_Ratiba
Na mimi naongeza: hata akiba hazilingani. Ratiba ya kuja Manda haihitaji akiba kubwa mwishoni, kwa sababu Manda hakuna anayekusubirisha hewani. Ratiba ya kwenda JKIA inahitaji. Kwa maoni yangu zile dakika 5 za tiketi ni za akiba kuliko za anga. Ukipima hewani tu, unaweza kukuta kuja na kurudi ni sawa.

#21 Fundi_wa_Hanga
Hapo sikubaliani nawe. Kupanda na kuzunguka kupo hata akiba ikifutwa.

#22 Mwangalia_Anga
Naomba niwatie mchanga kidogo. Mimi ni mtu wa kufuatilia ndege kwenye Flightradar24, ndiyo starehe yangu jioni nikiwa barazani. Nimekuwa nikitazama hiyo Dash. Siku nyingi za Januari kurudi kulikuwa kurefu kama fundi anavyosema. Lakini kuna siku, hasa asubuhi mapema, iliporudi kwa muda mfupi kuliko ilivyokuja, na kwenye ramani naiona inaingia Nairobi moja kwa moja kutoka mashariki bila kuzunguka. Siku hizo walikuwa wanatua upande wa pili, njia ya 24.

Halafu tahadhari kwa watakaokwenda kutazama. Pale STD ni saa ya ratiba ya kuondoka maegeshoni, lakini ATD kwa kawaida ni saa ambayo ndege imeonekana kuacha lami. Ukitoa moja kwa nyingine utasema imechelewa dakika 12, na kumbe iliondoka kwa wakati na ilikuwa inatambaa tu kwenda kwenye njia. Ugomvi mwingi wa mitandaoni unaanzia hapo. Safu ya Flight time ndiyo ya hewani. Na huku kwetu ndege ikishuka chini mara nyingine hupotea kwenye ramani kabla ya kugusa Manda, kwa hivyo dakika mbili tatu za mwisho usizilie kiapo.

#23 BintiMkomani
#22 asubuhi mapema upepo wa Nairobi huwa umetulia, si ndiyo? Upepo ukitulia mnara unaweza kuchagua upande wowote. Hiyo haimpingi fundi.

#24 Mwangalia_Anga
Haimpingi, lakini inaonyesha kwamba duara ni la njia ya kurukia, si la kupanda. Ile siku aliyoingia moja kwa moja alipanda vile vile kutoka Manda, na bado alikuwa mfupi. Kwa hiyo hesabu ya kupanda naona ni ndogo mno kwa ndege ya aina ile. Dash inapanda kama paka aliyemwagiwa maji.

#25 Fundi_wa_Hanga
Kwa Dash nakubali kupanda ni dakika chache sana. Kwa Caravan siondoki nilipo.

#26 Kijana_wa_Langoni
Swali la pembeni. Ndugu yangu yuko London, anasema New York kwenda ni kama saa nane na kurudi ni saa saba au chini. Huo nao ni mkondo wa Findlater?

#27 BintiMkomani
La. Huo ni upepo wa magharibi ulio juu sana, kilomita 9 mpaka 12 hivi, na huwa mkali zaidi majira yao ya baridi. Februari 2020, wakati wa dhoruba waliyoiita Ciara, ndege ya British Airways aina ya 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulipita kilomita 1,300 kwa saa. Na dunia yako #2, kama ingekuwa inakimbia chini ya ndege, huko ndiko ambako kwenda mashariki kungekuwa kurefu. Ni kufupi.

#28 Kijana_wa_Langoni
Kilomita 1,300! Basi ilivunja mwendo wa sauti, tungesikia kishindo.

#29 Fundi_wa_Hanga
Haikuvunja. Mwendo wa sauti unapimwa dhidi ya hewa, na ndani ya hewa yake ilikuwa inakwenda kama siku zote. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inakimbia.

#30 Nahodha_Mstaafu
Na waliokuwa wakitoka London siku hiyo?

#31 BintiMkomani
Nahodha, hao walikula upepo wa uso. Marubani huko hukwepa: wanaokwenda magharibi hupelekwa njia ya kaskazini au kusini zaidi, maili zinaongezeka ila upepo unapungua. Njia hizo hupangwa upya kila siku.

#32 Nahodha_Mstaafu
Kama sisi tu.

#33 MwanaMalindi
Sisi wa Malindi tuna njia mbili za kurukia zinazokatana, upepo ukigeuka nasi tunageuka. Lamu mna moja. Nimesema tu.

#34 Mpokea_Wageni
#33 nenda kapokee masanduku ya harusi. Karani na fundi, shukrani. Nauliza la kazi: boti niitoe saa ngapi? Tiketi nimeacha kuiamini.

#35 Karani_wa_Ratiba
Usitazame saa ya kufika ya tiketi. Tazama saa iliyoacha lami JKIA, ongeza 45 kwa Dash. Caravan ikiacha Wilson ongeza saa moja na dakika 40, na miezi ambayo upepo ni mkali ongeza kidogo.

#36 Mwangalia_Anga
Kwa Dash mimi ningesema 42. Nimeziona nyingi.

#37 Karani_wa_Ratiba
42 ni zile unazoziona barazani jioni. Za mchana wa joto hujazihesabu.

#38 Mama_Biashara
Na ya Dubai niongeze ngapi?